Kipande cha Baada ya Majina: Uliza Kwanza Nani Alishika Kamera

Oktoba 2022, watu waliobaki kwenye viti vyao baada ya filamu ya Black Adam kwisha waliona jambo ambalo mashabiki wa DC walikuwa wamelililia kwa miaka. Amanda Waller, afisa wa serikali ya Marekani, kupitia droni, anamwonya Black Adam asitoke nje ya nchi yake ya Kahndaq. Jamaa anajibu kwa dharau kwamba hakuna mtu katika sayari hii wa kumzuia. Waller anamwambia basi atamletea asiye wa sayari hii. Droni inasambaratishwa, moshi unatanda, na ndani ya moshi anatoka Superman. Ni Henry Cavill mwenyewe, na nguo zake za bluu na nyekundu, akisema wawili hao wanahitaji kuzungumza.

Filamu iliingia kumbi za Marekani tarehe 21 Oktoba. Siku tatu baadaye Cavill akatangaza kwenye Instagram kwamba amerudi. Katikati ya Desemba, Cavill huyohuyo akaandika kwamba harudi tena. Superman iliyotoka Julai 2025 ilikuwa na David Corenswet ndani ya nguo zile, na ule mkutano wa kwenye moshi umebaki hivyohivyo, maneno mawili matatu na basi.

Ukiwauliza mashabiki wengi, kipande kinachokuja baada ya majina ya waliotengeneza filamu ni tangazo la filamu ijayo: ukimwona fulani, jua anakuja. Wakati mwingine ni kweli kabisa. Wakati mwingine ni matumaini tu ya studio yaliyovishwa nguo za shujaa. Na mara nyingi ni mzaha usio na maana yoyote. Vyote vitatu vinakaa mahali pamoja na vinapigiwa muziki uleule wa kusisimua, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Kuvitenganisha kunawezekana, lakini inabidi uangalie zaidi ya sura inayoonekana kwenye skrini.

Tuanze pale mtindo huu uliposhika mizizi. Utani wa baada ya majina ni wa zamani kuliko Marvel, na filamu za mashujaa zilikuwa zimeujaribu kabla: X-Men: The Last Stand ya 2006 ilitumia sekunde chache za mwisho kudokeza kwamba Profesa X hakufa. Lakini aliyeugeuza kuwa chombo cha biashara ni Iron Man ya 2008. Tony Stark anarudi nyumbani gizani, anakuta mtu mwenye kitambaa jichoni amesimama dirishani. Ni Nick Fury, yaani Samuel L. Jackson, na anamwambia Stark kwamba yeye si shujaa pekee duniani, kisha anataja mpango wa Avengers. Kipande hicho hakikuwekwa kwenye nakala zilizoonyeshwa kwa waandishi wa habari, ili siri isivuje.

Leo tunaitazama ile dakika moja tukijua kilichofuata, kwa hiyo inaonekana kama mpango uliokamilika. Haikuwa hivyo. Marvel Studios wakati huo ilikuwa kampuni changa iliyokuwa ikitengeneza filamu kwa mkopo wa dola milioni 525 uliopatikana 2005 kupitia Merrill Lynch, na dhamana ya mkopo ilikuwa haki za filamu za wahusika wake. Wahusika waliokuwa wakiuza zaidi hawakuwa mikononi mwake: Spider-Man alikuwa Sony, X-Men na Fantastic Four walikuwa Fox. Iron Man ikianguka, hakuna Avengers. Hata Jackson mwenyewe alisaini mkataba wake maarufu wa filamu tisa mwaka 2009, yaani baada ya kile kipande kuonyeshwa dunia nzima. Ahadi ilitangulia, karatasi zikafuata.

Kwa maneno mengine, kile kipande kilikuwa kishika uchumba. Kinaonyesha nia, kinawafanya watu waanze kuulizia harusi, lakini hakimfungi mtu.

Na uchumba wenyewe ulikuwa na mikorogano. Miezi michache tu baada ya Iron Man, ilitoka The Incredible Hulk. Mwishoni, kabla majina hayajaanza, Tony Stark anaingia baa alimokaa Jenerali Ross na kumwambia kwamba kuna timu inaundwa. Mtazamaji akatoka akijua: Stark yumo Avengers, na anaajiri wengine. Halafu ikaja Iron Man 2 mwaka 2010, na humo Fury anampa Stark ripoti inayosema Iron Man anafaa ila Tony Stark hafai, abaki mshauri tu. Sasa huyu mshauri asiyefaa alikwenda kufanya nini baa kwa Ross? Marvel ilibidi watengeneze filamu fupi, The Consultant, iliyowekwa kwenye diski ya Thor mwaka 2011, kueleza kwamba Stark alitumwa makusudi akamkere Ross ili mazungumzo yao kuhusu timu yavunjike. Ni ufumbuzi wa kijanja, nakiri, lakini ni kiraka. Mwaka 2008 waliojua Stark atakuwa wapi mwaka 2010 hawakuwepo.

Hapo ndipo napendekeza swali ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: kipande hiki kilipigwa na nani? Simaanishi mpiga picha, namaanisha mwongozaji. Watu wengi hudhani mwongozaji wa filamu ndiye anayetengeneza kila kitu hadi jina la mwisho. Kwa Marvel, mara kadhaa kipande cha mwisho kimetengenezwa na mwongozaji wa filamu nyingine, ile inayokuja. Thor ya 2011 iliongozwa na Kenneth Branagh, lakini kipande cha mwisho, ambapo Fury anamwonyesha Dokta Selvig ule mchemraba wenye nguvu huku Loki akimtumia Selvig kimyakimya, kilipigwa na Joss Whedon, aliyekuwa akiandaa The Avengers. Mwaka uliofuata The Avengers ikaanza na mchemraba huohuo, Selvig huyohuyo na Loki huyohuyo. Whedon tena ndiye aliyepiga kile cha Captain America: The Winter Soldier mwaka 2014 chenye mapacha Wanda na Pietro wakiwa vizuizini, na mwaka mmoja baadaye mapacha wakawa ndani ya filamu yake, Age of Ultron. Captain Marvel ya Machi 2019 ina kipande cha katikati ya majina ambapo Carol anatokea ghafla mbele ya Avengers akiuliza Fury yuko wapi. Hicho ni cha ndugu Russo, waliokuwa na Endgame mkononi, na Endgame ikatoka mwezi uliofuata.

Sababu haihitaji ushushushu. Mwongozaji akishakabidhiwa filamu, ana maandishi, ana waigizaji waliosaini, ana tarehe ya kutoka. Akipiga kipande cha dakika moja kwa ajili ya filamu ya mwenzake, anapiga kitu ambacho tayari yeye mwenyewe anakiishi kila siku. Hapo studio haibahatishi tena.

Mfano mzuri kuliko yote ni Ant-Man ya Julai 2015. Ukisubiri hadi mwisho kabisa, unamkuta Bucky kwenye karakana, mkono wake wa chuma umebanwa ndani ya mashine. Steve Rogers, yaani Captain America, na Sam Wilson wamesimama wakizungumza. Hakuna anayemtambulisha yeyote, hakuna maelezo. Wanasema hawawezi kumpigia Tony. Wanataja makubaliano ya kisheria ambayo hatujawahi kuyasikia. Sam anasema kuna mtu anamjua. Kipande kinakatika.

Kichambue taratibu uone kilichomo. Kwamba Tony hawezi kupigiwa simu kunasema marafiki wamegombana. Kutajwa kwa makubaliano kunasema ugomvi ni wa serikali na sheria, si wa jini fulani kutoka angani. Mtu anayejulikana na Sam ni Ant-Man, kwa sababu ndani ya filamu uliyomaliza kutazama Sam ndiye aliyepigana naye. Uti wa mgongo wa Captain America: Civil War ulikuwa umewekwa mezani karibu miezi kumi kabla. Na ilipotoka Mei 2016, karakana ile ilikuwemo katikati ya filamu, ikiwa na tofauti ndogondogo tu. Haikuwa kipande kilichotungwa kwa ajili ya kudokeza. Ilikuwa nyama iliyokatwa kutoka kwenye filamu iliyokwisha kuanza kupigwa, ikiongozwa na ndugu Russo.

Dalili ya kutambua aina hii hata kama hujui nani aliongoza: wahusika hawajitambulishi, mazungumzo yanaanzia katikati, na kuna kitu hukielewi lakini wao wanakielewa. Kipande kilichotungwa kama kidokezo hufanya kinyume. Mtu anaingia polepole, kamera inampanda kutoka miguuni, mwenzake anataja jina lake kamili ili usije ukakosa, na mazungumzo hayana kingine zaidi ya kusema kwamba mtu huyu yupo.

Kundi hilo la pili ndilo linalowaumiza mashabiki. Eternals ya 2021 ilimleta Harry Styles kama Eros, kaka yake Thanos, na msaidizi wake akamtangaza kwa sifa zote kama msherehekeshaji wa harusi. Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022 ikamleta Charlize Theron kama Clea. Miezi miwili baadaye Thor: Love and Thunder ikamleta Brett Goldstein kama Hercules, akitumwa na baba yake akamwadhibu Thor. Waigizaji wazito wote, na wote waliingia kwa mlango uleule: kwa kishindo, bila filamu yenye tarehe nyuma yao. Jiulize kazi yao ilikuwa kiasi gani. Siku chache za kamera, mavazi, basi. Kwa studio hiyo ni gharama ndogo sana ya kupima upepo: watu wakisisimka, mlango uko wazi, wasiposisimka, mlango unasahaulika.

Mordo wa Doctor Strange ni mfano unaonikera zaidi kwa sababu ulikuwa mzuri. Mwaka 2016, mwisho kabisa, Mordo anakwenda kwa Pangborn, yule aliyejiponya kupooza kwa uchawi, anamnyang'anya nguvu zake na kusema dunia ina wachawi wengi mno. Ni adui kamili, mwenye sababu na mwenye uchungu. Ikapita miaka sita. Mwongozaji Scott Derrickson aliondoka kwenye sehemu ya pili, Sam Raimi akachukua, na Mordo tuliyemwona alikuwa Mordo wa ulimwengu mwingine. Yule mwenye orodha ya wachawi wa kuwashughulikia akaachwa njiani. Ukiangalia sana utaona kipande chenyewe kilikuwa kinaahidi sehemu ya pili ya filamu ileile, na ahadi za namna hiyo ndizo nyepesi kuvunjika, kwa kuwa sehemu ya pili hutegemea mauzo ya ya kwanza, kurudi kwa mwongozaji na kalenda ya studio. Green Lantern ya 2011 ilimwacha Sinestro akivaa pete ya njano. Filamu haikufanya vizuri, sehemu ya pili haikuwahi kuja, na Sinestro yule bado ana pete yake kidoleni.

Kuna jambo la tatu la kuangalia, nalo ni nani mwenye mhusika. Mwaka 2014, watazamaji wa The Amazing Spider-Man 2 walishangaa majina yakikatizwa na kipande cha Mystique kutoka X-Men: Days of Future Past. Mtu mwenye hamu angesema tayari, Spider-Man na X-Men wanakutana. Wapi! Spider-Man ilikuwa ya Sony na X-Men ya Fox. Mwongozaji Marc Webb alikuwa bado anadaiwa filamu na Fox, na ili aruhusiwe kurudi Sony, Fox wakapewa nafasi ya kutangaza filamu yao. Lilikuwa deni linalolipwa mbele yetu, basi. Kwa hiyo kabla ya kuamini kwamba mashujaa wawili watakutana, tazama nembo za kampuni zilizotangulia filamu. Kama ni mbili tofauti, lazima kuwe na mkataba uliotangazwa. Sony na Marvel walitangaza wa kwao Februari 2015, na ndipo Spider-Man akaonekana Civil War mwaka uliofuata.

Kuhusu mizaha nitapita haraka. Tangu The Avengers ya 2012 mazoea yamekuwa kipande cha katikati ya majina kubeba habari na kile cha mwisho kabisa kuwa cha kuchekesha, ingawa Marvel huvunja mazoea hayo wakijisikia. Katika The Avengers yenyewe, katikati ya majina tunamwona Thanos akitabasamu. Mwisho kabisa mashujaa wamekaa kimya wanakula shawarma. Kile cha shawarma kilipigwa baada ya filamu kuzinduliwa Los Angeles. Chris Evans alikuwa amefuga ndevu kwa ajili ya filamu nyingine, akabandikwa kidevu cha bandia, na ndiyo sababu anaonekana ameegemeza uso kwenye mkono badala ya kula. Sisi wa vibanda umiza wala hatukuyajua haya, maana majina yakianza tu mwenye banda anaweka muvi nyingine.

Turudi kwa Thanos, kwa sababu anaonyesha mpaka wa hata ahadi iliyotimizwa. Alionekana 2012, akaja kufanya kazi yenyewe 2018 katika Infinity War. Miaka sita. Katikati, sura ilibadilika: wa 2012 alichezwa na Damion Poitier, kuanzia 2014 ni Josh Brolin. Na glovu yake ya kubebea mawe ya nguvu ndiyo kichekesho. Thor ya 2011 ilionyesha glovu kwenye hazina ya Odin. Katika majina ya Age of Ultron, 2015, Thanos anavaa glovu na kusema ataifanya kazi mwenyewe. Mashabiki wakaanza kubishana: ameiba kwa Odin? Ziko mbili? Mwaka 2017, katika Thor: Ragnarok, Hela, dada yake Thor, anapita kwenye hazina, anaisukuma ile ya Odin chini na kusema ni feki. Mwaka mmoja baadaye Infinity War ikasema ya kweli ilifuliwa na Eitri kule Nidavellir. Yaani mwelekeo mkuu, kwamba Thanos anayataka mawe na atayafuata mwenyewe, ulikuwa wa kuaminika. Vitu vidogo alivyoshika mkononi havikuwa. Anayejenga nadharia yake juu ya pete, tarehe au kitasa cha mlango kilichoonekana kwenye kipande anajenga juu ya mchanga.

Sasa tumrudie Superman wa kwenye moshi tukiwa na maswali haya. Kipande chake kilipigwa na nani? Hakukuwa na mwongozaji wa filamu mpya ya Superman ya Cavill, kwa sababu hakukuwa na filamu iliyopangiwa tarehe. Alitambulishwaje? Kwa moshi, kwa muziki, kwa sura kufichuliwa polepole. Nani alimtaka? Dwayne Johnson, nyota wa Black Adam, alieleza hadharani jinsi alivyopigania arudi. Na wenye nyumba? Warner ilikuwa imeungana na Discovery Aprili mwaka huohuo, ikawa inatafuta viongozi wapya wa DC. James Gunn na Peter Safran walianza kazi tarehe 1 Novemba, siku kumi na moja tu baada ya filamu kutoka, na walikuja na mpango wao wa kuanza upya. Black Adam ilikusanya karibu dola milioni 393 duniani kote, kiasi kisichotosha kumlazimisha bosi mpya kulipa deni la bosi aliyeondoka.

Kang, adui mwingine wa Marvel, naye alikuwa na kila kitu ambacho Superman huyu alikosa, na bado akaanguka. Ant-Man and the Wasp: Quantumania ya Februari 2023 ilimalizika na uwanja uliojaa akina Kang, na Avengers: The Kang Dynasty ilikuwa tayari imetangazwa. Mwezi uliofuata Jonathan Majors, aliyemcheza Kang, alikamatwa, Desemba akatiwa hatiani, na Marvel ikaachana naye siku hiyohiyo. Julai 2024 filamu ikawa Avengers: Doomsday, Robert Downey Jr. akirudi kama Doctor Doom. Hapa swali la nani alishika kamera halisaidii kitu. Adui mwenye sura elfu, zote za mwigizaji mmoja, ni hatari kubwa kumwekea mfululizo mzima.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe, Doomsday imeshatoa nyenzo. Thunderbolts* ya Mei 2025 inamalizika na timu ikibishana juu ya jina lao, kisha chombo chenye alama ya 4 ya Fantastic Four kinaingia kutoka ulimwengu mwingine. Mazungumzo yanaanzia katikati, hakuna anayejitambulisha, na kipande kilipigwa na ndugu Russo, waongozaji wa Doomsday yenyewe. Na Machi 2025 Marvel walionyesha kwa saa kadhaa viti vyenye majina ya waigizaji 27 wa Doomsday. Kelsey Grammer yumo, yule Beast tuliyemwona mwishoni mwa The Marvels mwaka 2023. Simu Liu, yaani Shang-Chi, yumo, ambaye pete zake zilianza kutuma ishara kusikojulikana tangu 2021. Harry Styles, Charlize Theron na Brett Goldstein hawakuwekewa viti.